Asilimia Ambazo Kompyuta Haizioni

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa. Tumeyachapa karibu jinsi yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba nakala.)

Najua wengine wenu mmetoka mbali na mnataka kurudi kabla giza halijaingia, kwa hivyo nitaongea juu ya jambo moja tu. Jambo lenyewe ni dogo kwa kulitazama. Ni ile alama ya asilimia, ile yenye viduara viwili na mstari katikati, mnayoiandika kwenye lahajedwali mkileta ripoti. Alama hiyo karibu ituvunjie mfuko wetu wa mikopo robo mwaka iliyopita.

Wale waliokuwa kwenye kamati wanakumbuka. Tunavyo vikundi kumi. Kila kikundi huleta asilimia ya marejesho, yaani katika pesa zilizotakiwa kurudishwa robo hiyo, ni ngapi zimerudi. Na tulikubaliana wenyewe kwamba wastani wa vikundi vyote ukiwa chini ya asilimia 75, hatutoi mikopo mipya mpaka hali itengenee. Siku ya mkutano nikafungua kompyuta, na chini ya karatasi wastani ukasoma asilimia 58. Kimya. Mwenyekiti akavua miwani. Akina mama waliokuwa wakingojea pesa za mbegu na za kuku wakaanza kutazamana.

Mama mmoja, katibu wa kikundi cha 4, akasema, “Lakini mwalimu, sisi tumeleta 91. Na mama yule pale ameleta 96. Hiyo 58 imetoka wapi?”

Swali zuri sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamini mashine. Yeye aliamini macho yake. Tuliposoma safu ile pamoja, ilikuwa hivi, kutoka kikundi cha 1 hadi cha 10: 96%, 88%, 54%, 91%, 62%, 97%, kikundi cha 7 hakikuleta kitu, halafu 58%, 94% na 90%. Hata mtoto wa shule ataona kwamba wastani wa hesabu hizo hauwezi kuwa 58. Vikundi sita viko 88 na kwenda juu.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyotokea. Vikundi cha 3, cha 5 na cha 8 waliniletea kwa mdomo, na mimi mwenyewe nikaandika kwenye kompyuta. Hivyo vingine nilinakili kutoka kwa faili ya katibu mmoja ambaye hukusanya ripoti za wenzake. Huyo katibu ni mtu makini. Zamani alikuwa na taabu na nambari za simu, kwa maana ukiandika 0722 na zinazofuata, Excel huitupa ile sifuri ya mbele. Akafundishwa na kijana mmoja kwamba dawa ni kuchagua karatasi nzima na kuiweka katika hali ya `Text`, yaani maandishi. Sifuri zikakaa. Lakini tangu siku hiyo, kila alichoandika kwenye karatasi ile, hata asilimia, kompyuta ilikihesabu kuwa ni maandishi matupu, kama vile jina la mtu.

Hapa ndipo penye kiini, kwa hivyo nitakawia kidogo. Unapoandika 96% kwenye kisanduku cha kawaida, kompyuta haiweki 96 wala haiweki ile alama. Inaweka 0.96, kwa sababu asilimia 96 ni 96 kugawanywa kwa 100. Ile alama ni nguo tu ambayo nambari imevalishwa ili sisi tuisome vizuri. Lakini kisanduku kikiwa katika hali ya maandishi, kompyuta inaweka herufi tatu: tisa, sita, na alama. Hakuna nambari ndani. Ni picha ya nambari. Kwa macho vyote viwili ni 96%, hakuna tofauti.

Na `AVERAGE`, ile fomula ya wastani, ikipita kwenye safu inachukua nambari peke yake. Ikikuta maandishi inayaruka bila kusema neno. Ikaruka vikundi sita, ikachukua 54, 62 na 58, ambazo jumla yake ni 174, ikagawanya kwa tatu. Ndiyo hiyo 58. Hesabu haikukosewa hata kidogo, ila ilikuwa hesabu ya vikundi vitatu, tena vile vilivyo nyuma kuliko vyote.

Ingekuwa safu yote ni maandishi, tungejua mara moja, maana `AVERAGE` ingekosa nambari hata moja na kuandika `#DIV/0!`, na `SUM` ingetoa sifuri. Kosa la namna hiyo linapiga kelele. Kosa letu lilikuwa la mchanganyiko, na mchanganyiko haupigi kelele. Unakupa jibu linalofanana na jibu.

Mzee mmoja hapa ameniuliza wakati wa chai, “Mbona mimi nikizidisha inakubali?” Ni kweli, mzee, na hilo ndilo linalodanganya watu. Ukichukua kisanduku chenye maandishi 96% ukakizidisha kwa 20,000, Excel itakupa 19,200, sawasawa. Ikiona alama ya kuzidisha, inajaribu kuyageuza maandishi kuwa nambari. Lakini `SUM` na `AVERAGE` zikipewa safu hazijaribu kugeuza. Kwa hivyo mtu anapima kisanduku kimoja kwa kuzidisha, anaona ni salama, halafu wastani unamwangusha.

Utajuaje basi? Watu husema tazama upande. Maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku, nambari hukaa kulia. Ni kweli, lakini mimi nilikuwa nimeipanga safu yote katikati ili ripoti ipendeze, na urembo huo ukafuta alama ya pekee iliyokuwepo. Njia isiyodanganywa na urembo ni kuhesabu mara mbili. Katika karatasi yetu kichwa kiko mstari wa 1, na vikundi viko mstari wa 2 mpaka wa 11, asilimia zikiwa safu ya C. Nenda kisanduku cho chote kitupu uandike ya kwanza, halafu kingine uandike ya pili:

```
=COUNTA(C2:C11)
=COUNT(C2:C11)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyenye kitu cho chote. Ya pili inahesabu vyenye nambari tu. Kwetu ya kwanza ilisema 9, ya pili ikasema 3. Basi sita ni maandishi. Ukitaka kuvijua kimoja kimoja, andika kando yake `=ISTEXT(C2)` na uivute kwenda chini. Panaposema `TRUE` ni maandishi.

Haya, sasa kutengeneza. Kwanza niwaambie yale yasiyosaidia, kwa sababu siku ile tuliyajaribu yote mbele ya watu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuchagua safu na kubonyeza alama ya asilimia pale juu. Hakuna kilichobadilika. Kubadilisha hali ya kisanduku ni kubadilisha nguo tu, na huwezi kumvika nguo mtu asiyekuwepo. Maandishi yaliyokwisha kuandikwa yanabaki maandishi mpaka yaandikwe upya au yageuzwe.

Kisha kijana mmoja, mwepesi sana wa mikono, akasema tuifute ile alama yote kwa `Find and Replace`. Nikamzuia. Ukiondoa alama kwenye 96% unabaki na 96, si 0.96, na ukija kuivalisha asilimia tena itasoma 9600%. Alama ile ilikuwa ikibeba kazi ya kugawanya kwa mia. Ukiitupa, inakubidi ugawanye wewe mwenyewe, na hapo usiguse zile tatu ambazo tayari ni 0.54, 0.62 na 0.58, la sivyo zitakuwa nusu ya asilimia moja. Hiyo ni njia ya kuongeza makosa.

Fomula inayofanya kazi hii ni `VALUE`. Inasoma maandishi, inaona ile alama, na inagawanya kwa mia yenyewe. Maandishi 96% yanatoka 0.96. Ikikuta nambari ya kweli inaiacha jinsi ilivyo. Kwa hivyo inafaa hasa kwa safu iliyochanganyika kama yetu.

Tengeneza kwanza nakala ya faili. Halafu ingiza safu mpya upande wa kulia wa C, iwe D. Hapa kuna shimo ambalo mimi niliingia. Safu mpya inarithi hali ya jirani yake wa kushoto, na jirani huyo ni maandishi. Ukiandika fomula humo, kisanduku kitakuonyesha fomula yenyewe, `=VALUE(C2)`, herufi kwa herufi, badala ya jibu. Usidhani kompyuta imeharibika. Chagua safu ya D, nenda `Home`, na kwenye kile kidirisha kinachosema `Text` uchague `General`. Fanya hivyo kabla ya kuandika. Kama umekwisha kuandika, badilisha hali, kisha ingia kisanduku kwa `F2` na upige `Enter`, ndipo itaamka.

Sisi tuliandika `=VALUE(C2)` katika D2 tukaivuta mpaka D11. Tukapata 0.96, 0.88, 0.54, na kadhalika. Watu wakaanza kupiga makofi. Lakini mstari wa 7, yaani kikundi cha 6, ukasoma `#VALUE!`. Na mstari wa 8, kikundi cha 7 ambacho hakikuleta ripoti, ukasoma 0.

Tuanze na kikundi cha 6. Katika C7 kulikuwa na 97%, wazi kabisa. Mama Katibu akaniambia kwamba hiyo hakuiandika, aliinakili kutoka kwa waraka aliotumiwa. Nilipoingia kisanduku na kwenda mwisho wa maandishi, mshale ulisimama mbali kidogo na ile alama. Kulikuwa na nafasi moja nyuma yake. Nafasi ya kawaida `VALUE` inaivumilia, lakini hii ilikuwa nafasi ya namna nyingine, ile isiyokatika, ambayo kurasa za mtandao na nyaraka huitumia ili maneno mawili yasitengane mwisho wa mstari. Excel huiita `CHAR(160)`. Macho hayaioni na `TRIM` haiondoi. Dawa yake ni `SUBSTITUTE`, ambayo inaitafuta na kuiweka pengo.

Kile kisanduku cha kikundi cha 7 ndicho cha hatari zaidi, ingawa hakikuonyesha kosa lo lote. `VALUE` ikipewa kisanduku kitupu inatoa sifuri. Sasa fikirini. Kikundi ambacho hakijaleta ripoti kimegeuka kikundi ambacho hakijarudisha hata shilingi moja. Tuliweka wastani hapo, na 97 ya kikundi cha 6 ikiwa imekwisha kurekebishwa, ukatoka asilimia 73. Bado tuko chini ya 75! Watu walikuwa karibu kukubali, kwa sababu 73 si ya kushangaza kama 58. Lakini ilikuwa ni 730 kugawanywa kwa kumi, na wa kumi hakusema kitu. Asiyejibu hajasema sifuri.

Kwa hivyo fomula tuliyokaa nayo ni hii, iandikwe D2 na kuvutwa chini:

```
=IF(C2="","",VALUE(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"")))
```

Isomeni polepole. Kama C2 ni tupu, acha tupu. Kama si tupu, ondoa ile nafasi iliyojificha, halafu geuza kilichobaki kuwa nambari. Tukiweka wastani wa D2 mpaka D11, kile kilichoachwa tupu kinarukwa, na safari hii kurukwa ni haki yake. Jumla ni 730, vikundi ni tisa, wastani ni 81.1. Mikopo ikatoka.

Mtaona nambari zinaonekana 0.96 na wazee hawaipendi. Hapo sasa ndipo unapochagua safu ya D na kubonyeza alama ya asilimia. Zitavaa nguo, na chini ya nguo safari hii yumo mtu.

Ukiwa umeridhika, nakili D2 mpaka D11, halafu hapo hapo juu yake fanya `Paste Special`, chagua `Values`. Fomula zinaondoka, nambari zinabaki zimesimama zenyewe, na mtu akija kufuta C hakuna kinachoanguka. Kama fomula bado zipo na C ikafutwa, zitasoma `#REF!` na mtaanza upya. Kisha nenda kwenye kile kisanduku cha kikundi cha 7 na upige `Delete`, maana baada ya kubandika kinabaki na kitu kisichoonekana, na `COUNTA` itakihesabu. Mimi naiacha C mahali pake mpaka mkutano uishe, nimeipa kichwa “Kama ilivyoletwa”. Mtu akibisha, ushahidi upo.

Kuna wale mnaoandika sentensi ndani ya kisanduku: “asilimia 85”, au “85% lakini mmoja amefiwa”. Nawaelewa, mnataka tujue hali. Lakini `VALUE` haiwezi kusoma hayo, itatoa `#VALUE!`, na ni vizuri itoe. Kuna mtu alinifundisha kuifunika kwa `IFERROR` ili iandike sifuri na ripoti ionekane safi. Nimeacha. Mtazameni yule mama aliyefiwa akigeuzwa sifuri. Wekeni maneno kwenye safu ya maoni, na asilimia ibaki peke yake.

Na kuna wale wanaoandika 85 bila alama kwenye kisanduku cha kawaida. Hiyo ni nambari ya kweli, `COUNT` itaikubali, lakini ni 85 nzima, sawa na asilimia 8500. Moja tu ya namna hiyo itaupandisha wastani mpaka mbinguni. Kuigundua ni rahisi: `=MAX(D2:D11)`. Asilimia ya kawaida haizidi 1. Ikizidi, tafuta ni nani. Ila usiibadilishe bila kuuliza, kwa maana kuna kikundi kiliwahi kulipa mapema deni la robo iliyofuata, na 1.10 yao ilikuwa halali.

Sasa, mweka hazina mmoja amekuwa akinitazama kwa jicho kali tangu nianze, na najua anachotaka kusema. Anataka kusema kwamba hata hiyo 81 si pesa. Ana haki. Tuseme kikundi cha 1 kilidaiwa shilingi 20,000 na kikarudisha asilimia 96, na kikundi cha 5 kilidaiwa 200,000 kikarudisha asilimia 62. Wastani wa asilimia ni 79. Lakini pesa zilizorudi ni 19,200 na 124,000, jumla 143,200 katika 220,000, na hiyo ni 65 tu. Kugeuza maandishi kuwa nambari hakuondoi tofauti hiyo. Kamati imeambiwa, na tutaona kama sheria ya 75 ihesabiwe kwa vikundi au kwa shilingi. Siyo kazi ya leo.

Kwa yule katibu wetu wa nambari za simu, asione haya, hakukosea. Aweke `Text` kwenye ile safu ya simu peke yake, na zile nyingine aziache `General`.

Swali la mwisho lilikuwa juu ya kikundi cha 7. Wameleta ripoti yao leo asubuhi, hii hapa, wameandika 40%. Nimeandika 40% katika D8 mbele yenu. `COUNT` ilikuwa 9, sasa imesoma 10, kwa hivyo imeingia kama nambari. Wastani umeshuka kutoka 81 na kuwa 77. Bado tuko juu ya 75, na mwenyekiti amesema kesho ataenda kuwatembelea.